ED isiyotaja ugonjwa si batili

Kuna ujumbe unasambaa kuhusu ED, yaani barua ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa asiende kazini: "ED isiyoandikwa jina la ugonjwa ni batili, bosi anaruhusiwa kukukata mshahara. Sambaza."

Si kweli. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa; haidai kwamba kitaje ugonjwa. Isome mwenyewe, sehemu ya likizo ya ugonjwa.

Tuseme daktari ameandika kwenye faili: "Ngiri, kapasuliwa tarehe 3, apumzike siku 14, kisha asibebe mizito wiki 4." ED ya kumpelekea mwajiri inatosha ikisema: "Nimemhudumia mhusika. Hataweza kufanya kazi tarehe 3 hadi 16. Akirejea tarehe 17, asinyanyue mizigo mizito kwa wiki 4." Ngiri imebaki kwenye faili, lakini msimamizi wa ghala anajua la kufanya. Mwajiri mwenye shaka aangalie jina, tarehe, sahihi na mhuri, kisha apige simu kituoni kuuliza kama barua ni yao. Hayo tu.

Mkanganyiko unaeleweka: fomu za bima na za fidia ya ajali kazini hutaja ugonjwa au jeraha, na watu huzichanganya na ED. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.