Transfoma ya mtaa kuvuma na taa kufifia: yasemwayo na ukweli wake

"Transfoma yetu imechoka, haitoi umeme wa kutosha."
Transfoma haizalishi umeme wala haiuweki akiba. Inapokea volti 11,000 kutoka nyaya za juu na kuzishusha hadi 240 za nyumbani. Ndani ya tangi la mafuta mna koili zilizozungushiwa kiini cha bati za chuma, na umeme huvuka kutoka koili moja hadi nyingine kwa njia ya sumaku.

"Ikivuma, ujue imezidiwa."
Hapana. Huvuma hata saa tisa usiku, Malindi nzima imelala. Sumaku inapogeuka, kile chuma hurefuka na kufupika kidogo mno, mara 100 kwa sekunde. Mvumo huo hufuata volti, si wingi wa watumiaji. Mzigo unachoongeza ni mtikisiko wa koili: mkondo ukiwa maradufu, nguvu inayozisukuma huwa mara nne. Hapo sauti huwa nzito, na bolti iliyolegea huanza kutetema. Kwa hiyo linganisha sauti ya saa mbili usiku na ya alfajiri. Ukisikia mlio wa kupasukapasuka pamoja na cheche, hilo ni jambo jingine kabisa. Kaa mbali na upige simu.

"Taa zikififia, kampuni imepunguza umeme."
Hii ndiyo niisikiayo zaidi, hasa wakati wa kaskazi, joto likipamba moto. Chukua mfano wa mtaa wa Muyeye, Malindi, saa mbili usiku, friza za samaki na viyoyozi vyote vinafanya kazi. Tuseme laini ni ya alumini ya milimita mraba 50, na mzigo uko mita 300 kutoka kwa transfoma. Upinzani wa waya huo ni kama omu 0.19. Zikipita ampea 100, volti 19 zinapotea njiani. Ikiwa nyumba nyingi zimerundikwa kwenye fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, mkondo hurudi kwa nyutro, waya wa kurudishia, na kupoteza karibu 19 nyingine. Transfoma yenyewe hula chache. Nyumba ya mwisho inabaki na kama volti 200, na balbu ya nyuzi hutoa takriban nusu ya mwanga wake. Jirani wa ng'ambo aliye kwenye fezi nyingine huenda asione lolote. Balbu za LED nazo huficha tatizo, kwani nyingi hazififii.

"Stebilaiza itamaliza shida."
Kwako, labda. Lakini volti zinazopungua huzifidia kwa kuvuta mkondo zaidi kwenye waya uleule, na wa mwisho wa laini anazidi kuumia. Dawa ni kusawazisha fezi, kuweka waya mnene au kuongeza transfoma karibu na mzigo.

"Kufifia kote ni mzigo."
Taa zako zikififia huku za jirani ziking'aa kupita kiasi, shuku nyutro iliyolegea au kukatika. Chumvi ya bahari hula viungo vya nyaya. Volti kwa mmoja wenu zinaweza kupita 300. Zima swichi kuu mara moja, friza nayo isisubiri.