Kufupisha maelezo ya simu iliyoibwa: anza na dakika mbili tu

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu ambao tayari wamekwenda kituo cha polisi, wamepewa namba ya RB, lakini bado wana kurasa tatu au nne za habari ambazo hakuna mpelelezi atakayeweza kuzifuata. Leo nitaeleza jinsi ninavyozifupisha, kwa kutumia mkasa wa mama mmoja muuza samaki wa Mikindani, ambaye ameniruhusu kuusimulia bila kumtaja jina.

Maelezo yake yalikuwa yameandikwa kwenye daftari la mwanawe, naye alikuwa amekwisha kutia saini maelezo yanayofanana na hayo kituoni. Yalianza hivi: “Simu yangu imeibwa na kijana wa bajaji, namjua kwa sura, na vijana wale si mara ya kwanza. Simu alininunulia mwanangu baada ya msimu wa korosho. Siku hiyo nilitoka nyumbani nimechelewa kwa sababu ya mvua, dada akanipigia kwamba wateja wananisubiri, nikafika sokoni nikaikosa simu. Jirani yangu wa meza akasema alimwona kijana yule akizungukazunguka mwenye fulana nyekundu.” Kisha zilifuata kurasa mbili kuhusu bei ya simu, ugomvi wa zamani na madereva, na namna alivyolia.

Watu wengi hudhani kufupisha ni kufuta yasiyo na maana mpaka karatasi ijae nusu. Mimi sianzi kwa kufuta. Naanza kwa kutafuta dakika mbili: dakika ya mwisho ambayo mlalamikaji ana hakika kwamba simu ilikuwa mikononi mwake, na dakika aliyogundua kwamba haipo. Wizi umetokea kati ya hizo mbili, na sentensi yoyote isiyosaidia kuzithibitisha, au isiyoeleza nani alikuwa karibu katika muda huo, inaweza kutoka bila hasara.

Nikamuuliza: “Mama, mara ya mwisho uliishika lini?” Akajibu kwamba ni alipoongea na dada yake. Simu yake haikuwapo, lakini ya dada ilikuwapo, na orodha ya simu zilizopigwa ilionyesha 07:42, mazungumzo ya dakika mbili. Kwa upande wa kugundua, jirani wa meza ndiye aliyempigia kumsaidia kuitafuta, na simu ya jirani ilionyesha 08:05, ikaita bila kupokelewa, na 08:11, haikupatikana tena. Kumbukumbu za namna hii ni bora kuliko “asubuhi asubuhi”, kwa kuwa mpelelezi anaweza kuziona kwa macho yake.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu na saa. Simu husema 07:42, sisi husema saa moja na dakika arobaini na mbili. Nimewahi kuona karatasi iliyoandikwa “saa 7:42” na msomaji wake akaelewa mchana. Ninaandika zote mbili: saa 1:42 asubuhi (07:42).

Muda wa kati ulikuwa dakika ishirini na moja, ambazo ni nyingi. Nikamwomba anipitishe hatua kwa hatua tangu alipokata simu. Alisema aliifunga kibindoni, kwenye kitenge. Bajaji ilipofika sokoni alifungua kibindo kutoa nauli. “Na simu?” “Ilikuwapo, niliisogeza kwa vidole ili nichukue noti.” Kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa amesikia alichokisema. Dereva alipokea nauli na kuondoka huku simu ikiwa bado kibindoni. Kijana wa fulana nyekundu, ambaye jirani alimwona, alikuwa amesimama nyuma yake penye mzani, katika msongamano wa wanunuzi. Katika maelezo marefu vijana wawili walikuwa wamekuwa mmoja, na mtu asiyehusika alikuwa anatafutwa.

Kosa hilo hutokea mara nyingi zaidi ya mengine yote ninayoyaona. Anayesimulia huanza na mtu anayemshuku, halafu matukio hujipanga nyuma ya shuku hiyo. Unaweza kulitambua kirahisi: jina au sura ya mshukiwa iko kwenye sentensi ya kwanza, ilhali wakati na mahali viko kwenye ya tano.

Baada ya hapo natenganisha aliyoyaona na aliyoambiwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka ushahidi wa mdomo utolewe na yule aliyeona au kusikia mwenyewe, kwa hiyo habari ya fulana nyekundu ni ya jirani, na jirani ndiye anayepaswa kuandikisha maelezo yake. Katika karatasi ya mlalamikaji inabaki sentensi moja inayomtaja tu.

Kitu ambacho sikifupishi kamwe ni utambulisho wa simu. Ikiwa itakutwa kwa mtu siku chache baadaye, kesi itategemea kama mlalamikaji anaweza kuonyesha kwamba ni yake hasa, na alama zilizotajwa kabla ya kupatikana zina uzito kuliko zinazotajwa baada ya kuiona mezani. Namba ya IMEI ina tarakimu 15 tupu, na simu ya laini mbili huwa na namba mbili, andika zote. Kwa kuwa huwezi tena kupiga `*#06#` kwenye simu iliyoibwa, itafute kwenye kibandiko cha boksi. Mama huyu alikuwa ameandika namba yenye herufi ndani yake, ambayo ni ya kiwandani, si IMEI.

Karatasi ikaishia hivi, juu yake ikiwa namba ya RB na tarehe:

“Saa 1:42 asubuhi (07:42) niliongea na dada yangu kwa simu nikiwa ndani ya bajaji kutoka Mikindani, kisha nikaifunga kibindoni. Takriban saa 1:55 nilishuka sokoni, nikatoa nauli kibindoni na kuigusa simu; ilikuwapo. Dereva aliondoka. Nilipita penye mzani, palipokuwa na watu wengi, hadi mezani kwangu. Huko nikagundua haipo. Saa 2:05 (08:05) jirani yangu alipiga namba yangu, ikaita. Saa 2:11 (08:11) haikupatikana. Sikumwona aliyeichukua. Jirani aliniambia kuna mtu alimwona nyuma yangu. Yuko tayari kueleza mwenyewe. Simu ni nyeusi, ya laini mbili, kioo kina ufa kwenye kona ya juu kushoto. IMEI zote mbili zimeambatanishwa pamoja na boksi na risiti.”

“Takriban” imebaki kwa makusudi, kwa kuwa saa hiyo pekee haikuwa na kumbukumbu ya simu yoyote.

Karatasi hii haifuti maelezo yaliyokwisha kusainiwa, wala mlalamikaji hana ruhusa ya kuyachana na kuweka mengine. Alichofanya mama huyu ni kurudi kwa mpelelezi na kuomba kuandikisha maelezo ya nyongeza, akaisoma karatasi yake huku yakiandikwa, akasomewa tena yalivyoandikwa, na akatia saini baada tu ya kusikia kwamba dereva wa bajaji ametajwa kama mtu aliyeondoka kabla simu haijapotea.