Behewa C liko upande gani? Usiulize mbele wala nyuma

Nilipokuwa kijana wa kuelekeza abiria stesheni, mama mmoja mwenye kikapu cha maembe aliniuliza jioni moja, "Mwanangu, C iko wapi?" Nikamjibu, "Nyuma, mama." Asubuhi nzima nilikuwa nimesema nyuma, na asubuhi ilikuwa kweli. Mama akajikokota mpaka mkia wa jukwaa. Treni ikaingia, na mlango wa C ukasimama ncha ya pili kabisa. Alinitazama, wala hakunitukana. Tangu siku hiyo neno "nyuma" nimelifuta kinywani.

Sababu ni hii. Treni ikifika mwisho wa njia haigeuzwi kama matatu. Kichwa hufunguliwa, hupita reli ya pembeni, kisha hufungwa ncha ya pili. Ikiwa ni treni yenye chumba cha dereva kila upande, dereva hushuka akahamia kule. Mabehewa yanabaki yalivyo. Kwa hiyo kilichokuwa mbele wakati wa kwenda kinakuwa nyuma wakati wa kurudi, na ilhali behewa lenyewe halijabadilisha upande.

Tuseme ni treni ya mabehewa manane, A mpaka H, inayokwenda na kurudi kati ya stesheni ya zamani ya Mombasa, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, na Miritini. Ikitoka kisiwani A inaongoza. Ikirudi, H ndiyo inayoongoza. Sasa simama Changamwe, katikati ya safari: treni ikija kutoka huku au kutoka kule, A iko upande wa bara na H iko upande wa kisiwani. Hilo ndilo la kukariri, na ndilo la kumwuliza mhudumu: "A iko upande wa bara au wa kisiwani?"

Ukishajua hivyo, hesabu ya C ni nyepesi. Behewa la mita 20 ni kama hatua 28 za mtu mzima. Kutoka ncha ya bara ya pale treni inaposimama, A na B zinakula hatua 56 hivi, na C inaanzia hapo. Angalia, nimesema pale treni inaposimama. Jukwaa likiwa refu kuliko treni, ncha ya jukwaa itakudanganya. Wanaosafiri kila siku wanapajua mahali pao kwa nguzo au kwa benchi, nawe chagua alama yako siku ya kwanza.

Lakini kabla ya herufi kuna jukwaa. Usiende kwa namba uliyoizoea jana. Soma ubaoni kituo cha mwisho cha treni pamoja na saa yake, ndipo usome namba, maana treni iliyochelewa huweza kuhamishiwa reli nyingine. Palipo na jukwaa la katikati, lenye reli pande zote mbili, watu hubabaika bure wakakimbilia daraja: 2 na 3 ziko mgongo kwa mgongo, unageuka tu.

Treni inapoingia, soma herufi mbili, si moja. Ukiona H ikipita kisha G, unajua A iko mkiani, na C itakuwa ya tatu kutoka mwisho. Ukiona H halafu E, basi mpangilio umevunjwa, pengine behewa limetolewa kwa matengenezo. Siku hiyo hesabu ya hatua haina kazi. Fuata herufi kwa macho, au mwulize mhudumu.

Mabehewa yenye milango kwenye ncha zake yana mtego mwingine. Mlango wa mwisho wa C na wa kwanza wa D hukaa karibu karibu, na umati huwa mmoja. Tazama herufi iliyo ubavuni mwa mlango wako, kisha simama kando yake, si mbele yake, wanaoshuka wapite. Ukijikuta umeingia D, mara nyingi unaweza kupenya ndani mpaka C. Ila kama treni ni seti mbili zilizoungwa, pale vyumba vya madereva vinapokutana hapapitiki. Itakubidi ushuke kituo kinachofuata, upande tena.

Kama tiketi yako haina behewa maalumu, kumbuka kwamba stesheni ya Mombasa ni ya mwisho wa reli, na mtu huingilia upande wa H. Wanaochelewa huparamia H, na wanaorudi nao huipenda H kwa kuwa iko karibu na geti. Ukitembea mpaka B, huenda ukapata hata kiti. Swali la kuuliza kwanza ni kama kituo unachoshukia kina jukwaa fupi. Huko mabehewa ya ncha moja hubaki nje ya jukwaa, milango haifunguliwi, na ikifunguka, chini ni kokoto. Katika hali hiyo panda D au E, hata kama utasimama.