Boljointi ya stelingi iliyogoma: kwa nini pigo huenda ubavuni

"Boljointi ya tairodi ikigoma, si unaigonga tu kwenye ncha yenye nyuzi mpaka itoke?"

Pini yake ni koni, na nati imeivuta ndani ya jicho la mkono wa stelingi mpaka vyuma vikabanana. Ukiitoa, itazame: mara nyingi sehemu ya koni inang'aa, haina kutu. Ukigonga nchani, nyuzi zinapondeka na nati haipandi tena.

Gari likiwa kwenye stendi, si jeki peke yake, legeza nati mizunguko michache, ila usiitoe. Itaizuia jointi isiruke. Bana nyundo nzito upande mmoja wa jicho, kisha upande wa pili piga kwa nyundo nyingine, pigo kali na la ghafla. Jicho hubonyea kidogo sana na kurudi, koni inaachia. Utasikia "tak", na pini itaanza kucheza.

Uma wa chuma unaopigiliwa kati ya jointi na mkono nao unatoa, lakini kwa kawaida hupasua mpira wa grisi. Mimi nautumia pale tu jointi inapokwenda kutupwa.