Je, wajua kwa nini kufundisha kwa Adam hula kumbukumbu mara nane ya modeli yenyewe?

“Modeli yangu ina gigabaiti 3 tu. Kwa nini kadi ya GPU ya gigabaiti 24 inajaa ninapoifundisha kwa Adam, na kadi 8 zinawezaje kugawana mzigo huo?”

Tuchukue modeli inayojulikana, GPT-2 kubwa iliyotolewa na OpenAI mwaka 2019, ambayo ina vigezo takriban bilioni 1.5. Kila kigezo kikihifadhiwa kama namba ya biti 16, yaani baiti 2, modeli nzima inakuwa gigabaiti 3. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu anayetaka kuitumia tu. Anayeifundisha ana deni kubwa zaidi, kwa sababu kila kigezo kinadai baiti 16: baiti 2 za kigezo chenyewe, baiti 2 za gradienti yake, yaani namba inayoonyesha kisogezwe upande gani na kwa nguvu kiasi gani, na baiti 12 za kiboreshaji, yaani Adam, kanuni inayovisasisha vigezo. Zidisha kwa bilioni 1.5 upate gigabaiti 24, bila kuhesabu kumbukumbu inayoliwa na sentensi za mafunzo zinapopita ndani ya modeli. Swali la kweli, basi, ni zile baiti 12 zinafanya nini.

Adam ilielezwa na Diederik Kingma na Jimmy Ba mwaka 2014. Kanuni yake, tukiacha marekebisho madogo yanayofanywa katika hatua za mwanzo, ni mistari mitatu, ambamo `w` ni kigezo, `g` ni gradienti yake na `lr` ni kasi ya kujifunza:

```
m = 0.9*m + 0.1*g
v = 0.999*v + 0.001*g*g
w = w - lr * m / (sqrt(v) + 1e-8)
```

Namba `m` ni wastani wa gradienti za hivi karibuni, nayo inaonyesha kigezo kimekuwa kikisukumwa kuelekea wapi. Namba `v` ni wastani wa mraba wa gradienti, nayo inaonyesha misukumo hiyo imekuwa mikubwa kiasi gani. Kwa kugawanya moja kwa mzizi wa nyingine, Adam humpa kila kigezo hatua ya ukubwa wake: kigezo ambacho gradienti zake ni ndogo hakiachwi nyuma, na kile ambacho gradienti zake ni kubwa hakirushwi mbali. Hapa ndipo gharama inapoingia. Kwa kuwa kila kigezo kina historia yake, `m` na `v` haziwezi kuwa namba mbili za modeli nzima, bali ni namba mbili kwa kila kigezo, na ni lazima zitunzwe kutoka hatua hadi hatua kwa muda wote wa mafunzo. Zote mbili huhifadhiwa kwa biti 32, kwa hiyo ni baiti 4 na baiti 4. Tumefika 8.

Baiti 4 zilizobaki ni nakala ya kigezo kilekile, safari hii kwa biti 32. Wengi huiona nakala hii kuwa ni ubadhirifu, nami nadhani ndiyo sehemu inayostahili kutazamwa kwa karibu kuliko zote. Chukua kigezo chenye thamani 0.5 kilichohifadhiwa kwa `float16`. Namba inayofuata juu yake ambayo aina hiyo inaweza kuiandika ni takriban 0.50049, katikati hapana kitu. Sasa tuseme kasi ya kujifunza ni 0.0001 na Adam anataka kukipandisha kigezo hicho kwa kiasi hicho kila hatua. Jibu sahihi ni 0.5001, lakini hilo liko karibu zaidi na 0.5 kuliko na 0.50049, kwa hiyo linakadiriwa na kurudishwa kuwa 0.5. Hatua inayofuata mambo ni yaleyale. Baada ya hatua 1,000 kigezo kilipaswa kuwa 0.6, nacho bado kimekaa palepale kwenye 0.5. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kila haba inamwagwa kabla ya nyingine kufika. Nakala ya biti 32 ndiyo inayozikusanya haba hizo. Nakala ya biti 16 hutolewa humo upya baada ya kila hatua, kwa ajili ya hesabu nzito zinazotaka kasi.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayozuia `v` isipunguzwe hivihivi kuwa `bfloat16`, aina nyingine ya namba za biti 16. Aina hiyo ina tarakimu chache za usahihi kiasi kwamba 1 ikizidishwa kwa 0.999 hurudi kuwa 1, na si kwa 1 peke yake: punguzo la sehemu moja ya elfu ni dogo mno kwa thamani yoyote ile. Matokeo yake, `v` inaweza kupanda pale gradienti kubwa inapotokea, lakini haiwezi kushuka tena gradienti zinapotulia. Hatua za kigezo kilichopata mshtuko mmoja zitaendelea kugawanywa kwa namba kubwa, nazo zitabaki fupi hata baada ya sababu kuondoka. Ziko njia za kuzibana namba hizi kwa uangalifu zaidi, lakini kubadilisha aina ya namba tu na kuendelea si mojawapo.

Sasa tuje kwenye kadi 8. Katika mafunzo ya kawaida ya kugawana data, kila kadi hubeba modeli nzima na hupewa fungu lake la mifano. Kila moja hukokotoa gradienti zake, kisha kadi zote huzijumlisha kwa operesheni iitwayo `all_reduce`, ambayo huiachia kila kadi jumla ileile. Baada ya hapo kila kadi huendesha Adam kwa vigezo vyote. Tazama kilichotokea: kadi 8 zimeanza na `m` na `v` zilezile, zimepokea gradienti zilezile, na zimefika kwenye jibu lilelile. Hali ya kiboreshaji, yaani zile baiti 12 za kila kigezo, ni gigabaiti 18 kwa kila kadi, jumla gigabaiti 144, na kati ya hizo 126 ni marudio matupu.

Samyam Rajbhandari na wenzake wa Microsoft walilishughulikia jambo hili katika kazi yao iitwayo ZeRO, iliyotoka mwaka 2019. Waliegemea sifa moja ya Adam inayoonekana katika ile mistari mitatu hapo juu: hakuna kigezo kinachohitaji kujua chochote kuhusu jirani yake. Ili kusasisha kigezo cha milioni moja unahitaji `w`, `g`, `m` na `v` za kigezo hicho tu. Kwa hiyo vigezo vinaweza kukatwa mafungu 8 ya milioni 187.5 kila moja, na kila kadi ikawa mtunzaji wa fungu moja.

Fuata kadi ya tatu katika hatua moja. Inapitisha mifano yake kwenye modeli nzima na kupata gradienti za vigezo vyote, kama zamani. Kisha kadi zote hufanya `reduce_scatter`: gradienti hujumlishwa, lakini kadi ya tatu hupokea jumla ya fungu lake pekee. Inasasisha `m`, `v` na nakala ya biti 32 za fungu hilo, inatoa vigezo vipya vya biti 16, halafu kwa `all_gather` kadi zote hutumiana mafungu yaliyosasishwa hadi kila moja iwe tena na modeli kamili. Gigabaiti 18 za hali zimekuwa 2.25 kwa kila kadi. Ukijumlisha gigabaiti 6 za vigezo na gradienti, ile kadi iliyodaiwa 24 sasa inadaiwa 8.25.

Mtu angetarajia kulipia nafuu hiyo kwa mawasiliano zaidi, na hapa ndipo uzuri wa njia hii ulipo. Kwa namna ya kadi kupitishiana data katika duara, ambayo hutumika sana, `all_reduce` yenyewe tangu awali ni `reduce_scatter` ikifuatiwa na `all_gather`. Kilichofanyika ni kuipenyeza hatua ya Adam katikati ya nusu mbili ambazo zilikuwapo tayari. Kila kadi hutuma takriban gigabaiti 5.25 kwa hatua, iwe hali imegawanywa au la. Unaweza kuendelea na kugawa gradienti pia kwa kiasi hichohicho cha mawasiliano. Ukigawa na vigezo vyenyewe, mawasiliano hupanda hadi mara 1.5, kwa kuwa vigezo lazima viitwe upya wakati wa kwenda, mifano inapopita kwenye modeli, na wakati wa kurudi, gradienti zinapokokotolewa.

Kugawa hali ya kiboreshaji hakugusi matokeo ya kati yanayotunzwa kwa ajili ya hesabu ya kurudi, ambayo hukua kwa urefu wa matini na wingi wa mifano. Katika PyTorch kuna dalili rahisi ya kutofautisha matatizo haya mawili. `m` na `v`, ambazo humo huitwa `exp_avg` na `exp_avg_sq`, haziumbwi modeli inapopakiwa, bali mara ya kwanza `optimizer.step()` inapoitwa. Kumbukumbu ikiisha kwenye mstari huo katika hatua ya kwanza kabisa, huku kwenda na kurudi kumepita salama, mara nyingi mlaji ni Adam. Ikiisha wakati wa kwenda, kugawa hali huenda kusiwe dawa ya ugonjwa huo.

Kipo kitu kimoja kinachovunja ule uhuru wa kila kigezo, nacho ni kuwekea kikomo urefu wa gradienti ya modeli nzima. Kila kadi ina fungu lake tu, kwa hiyo lazima ijumlishe miraba ya fungu hilo, itume namba hiyo moja ijumlishwe na za wenzake, ndipo mzizi uchukuliwe. Mtu akisahau, kila kadi hupima kipande chake. Vipande vikilingana, urefu unaoonekana ni mdogo mara 2.83, ambao ni mzizi wa 8, na kikomo cha 1 kinafanya kazi kama kikomo cha 2.83. Mafunzo hayasimami wala hayalalamiki. Utaligundua tu ukiendesha mifano ileile kwa kadi 1 na kwa kadi 8, ukaona urefu unaoandikwa haulingani.

Uangalifu wa namna hiyo unahitajika pia wakati wa kuhifadhi. Kila kadi ina sehemu moja ya nane ya hali, na faili la kadi ya kwanza pekee si hali ya mafunzo. Ukitaka kuendelea kwa kadi 4 badala ya 8, mafungu lazima yakusanywe na kukatwa upya. `ZeroRedundancyOptimizer` ya PyTorch ina `consolidate_state_dict` kwa kazi ya kukusanya. Aliyepakia vigezo bila hali ataona hasara, yaani kipimo cha makosa ya modeli, katika hatua ya kwanza ikiwa ileile aliyoiacha, na atadhani yote yamo. Lakini `m` na `v` zimeanza tena kwenye sifuri, na katika hatua ya kwanza, kwa yale marekebisho ya mwanzo, uwiano wake huwa karibu na 1 au −1 kwa karibu kila kigezo. Karibu vigezo vyote bilioni 1.5 vinasogea kwa kasi kamili kwa wakati mmoja, hata vile vilivyokuwa vimetulia, na hasara inaweza kuruka juu hatua chache baadaye.