Uweke shilingi ngapi mtoto anapozaliwa ili ada ya chuo iwe tayari akifika miaka 18

Wanaokuja kuniuliza jambo hili hapa Moshi huwa na fedha ya mkupuo mkononi. Mwingine kauza kiwanja, mwingine kapata kiinua mgongo, na nyumbani kuna kichanga. Hawataki habari za kuweka kidogo kidogo kila mwezi, kwa sababu wanajijua. Wanataka kuweka mara moja na kuiacha. Ninaona ni mpango mzuri, ila hesabu yake hukosewa sehemu mbili, na makosa yote mawili huonekana mtoto akiwa amekwisha kuwa mkubwa.

Nichukue mfano wa mzee mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake wa kike. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, sekondari siku hizi haina ada mpaka kidato cha sita. Mimi naogopa chuo." Anasema kweli: elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa hadi cha sita. Familia ilikuwa imekadiria kwamba mwaka mmoja wa chuo, ukijumlisha ada, chumba, chakula na vifaa, ni shilingi milioni 4 kwa bei za leo. Miaka mitatu ya shahada ni milioni 12.

Alikuja na karatasi. Alichukua milioni 12, akaona kwamba fedha ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, na faida ikiachwa izae, kila shilingi inakuwa shilingi 5.56 baada ya miaka 18. Akagawanya, akapata milioni 2.16. Kugawanya kwake hakukuwa na kosa. Tatizo ni kwamba milioni 12 ni bei ya leo, na mjukuu atalipa bei ya siku ile.

Gharama za kusoma nazo zinapanda. Tukizikadiria kwa asilimia 6 kwa mwaka, zinakaribia kuongezeka maradufu kila miaka 12, na katika miaka 18 milioni 12 inakuwa milioni 34.25. Hiyo ndiyo fedha inayotafutwa. Ukiigawanya kwa 5.56 unapata milioni 6.16, karibu mara tatu ya ile aliyoiandika mzee. Kwenye kompyuta, hesabu yote ni mstari mmoja:

```
=12000000*1.06^18/1.10^18
```

Angalia namba mbili zenye vipeo: 1.06 ni kasi ya gharama, 1.10 ni kasi ya fedha yako. Jibu linategemea pengo kati ya hizo mbili. Fedha ikikua kwa asilimia 12 na gharama zikabaki kwenye 6, zinatosha milioni 4.45. Ikikua kwa asilimia 8 tu, zinahitajika milioni 8.57. Kwa hiyo mtu akikuahidi asilimia fulani, muulize kwanza gharama amezikadiria kwa kasi gani. Mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20, na mwaka wa namna hiyo fedha iliyokua kwa asilimia 10 ilikuwa inarudi nyuma.

Sasa kosa la pili, ambalo kwangu ndilo linaloumiza zaidi kwa sababu humpata mtu makini. Mzee aliuliza kwa nini nimetumia 10 wakati hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani mikopo ambayo wananchi huipa serikali kwa riba, zinatoa zaidi. Ni kweli zinatoa zaidi, na riba yake haikatwi kodi ya zuio kama ile ya akaunti ya muda maalumu benki. Lakini hatifungani haikuzi riba yake yenyewe. Kila baada ya miezi sita inakulipa fungu la riba, liitwalo kuponi, kwenye akaunti yako ya benki, na mtaji unabaki uleule mpaka siku ya kuiva.

Tuseme mzee ameweka hiyo milioni 4.45 kwenye hatifungani ya asilimia 12. Kila miezi sita anaingiziwa takriban shilingi 267,000. Akiziacha zikae kwenye akaunti ya kawaida isiyo na riba, baada ya miaka 18 atakuwa na mtaji wake na kuponi zote, jumla kama milioni 14. Alitarajia milioni 34. Zile 20 zilizopungua hazikuibiwa na mtu, ni riba juu ya riba ambayo haikupata nafasi ya kuzaliwa. Na huyo ni yule ambaye hakugusa kitu. Wengi kuponi ya kwanza inakuta mbolea ya shambani, ya pili inakuta msiba.

Ugumu ni kwamba hiyo 267,000 huwezi kuinunulia hatifungani nyingine mnadani, kwa sababu kiwango cha chini ni shilingi milioni moja. Kwa hiyo kila kuponi inahitaji pa kwenda siku ileile. Ninachopendekeza ni mfuko wa pamoja unaonunuliwa kwa vipande, ule ambao faida inabaki ndani na kupandisha bei ya kipande. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, wana mifuko ya aina hiyo, ukiwemo wa Watoto. Mpe benki agizo la kudumu kuponi ihamie huko bila kungoja mtu akumbuke. Asiyetaka usumbufu huo aweke fedha yote kwenye mfuko wa namna hiyo tangu mwanzo, na akubali kwamba bei ya kipande haina ahadi.

Hapo ndipo 10 yangu inapotoka. Hatifungani mpya ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49, na mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.10. Aliyenunua zamani aliendelea na riba yake ya zamani, ila kuponi zake zilikwenda kutafuta kazi kwenye soko jipya. Hakuna anayejua kuponi ya mwaka wa kumi itazaa kiasi gani, ndiyo maana ninapunguza makadirio.

Mzee aliweka milioni 6.2. Nilimwandikia namba moja ya kukagulia: mjukuu akitimiza miaka 6, salio liwe karibu milioni 10.9. Siku hiyo familia iulize upya gharama za chuo. Kwa makadirio yetu zitakuwa zimefika milioni 17. Zikiwa 19, salio linalotakiwa ni milioni 12.2, na pengo ni kama milioni 1.3 za kuongeza hapohapo. Pengo hilohilo likisubiri mpaka mtoto awe na miaka 15 litahitaji karibu milioni 3.

Kuanzia miaka 15 hiyo, fedha ianze kutoka kwenye hatifungani ndefu. Ya miaka 20 iliyonunuliwa mtoto anazaliwa haijaiva akifika 18, itabidi iuzwe sokoni, na kama riba za hatifungani mpya zimepanda, yako itanunuliwa chini ya bei yake. Nilimwambia mzee achague ya miaka 15. Ikiiva, ada ya mwaka wa kwanza iende kwenye mfuko wa ukwasi, ambao mtu anatoa fedha ndani ya siku chache, na za mwaka wa pili na wa tatu ziendelee kuzaa mpaka zitakapoitwa.