Modeli kusoma chati ya mnada wa korosho: wanavyodhani watu na ilivyo kweli

Msimu wa korosho ukianza huku Tandahimba magrupu yanajaa skrinshoti za chati za minada, na siku hizi mtu hata hahangaiki kuziangalia, anaitupia modeli ya AI inayosoma picha afu anawapostia wenzake bei iliyotoka. Mi nafanya hesabu za chama cha msingi, namba za hivo zishanifikia mezani wakulima wakidai wamepunjwa, roho inaniuma kwasababu wanakuwa na hasira ya kweli kwa namba isiyo ya kweli.

Wanasema: kama inasoma risiti vizuri, na chati inaiweza.
Hapana, hizo kazi mbili tofauti. Bei ikiwa imeandikwa juu ya nguzo, modeli inasoma maandishi tu na mara nyingi inapatia. Nguzo ikiwa tupu hakuna cha kusoma, inakadiria urefu kwa macho, na mara nyingi inavutwa na namba iliyo jirani pembeni ya chati. Ikikujibu 3,187 usidhani imepima, ni makadirio yaleyale yamevalishwa tarakimu nyingi.

Wanasema: ikikosea itakuwa kidogo tu.
Hapa ndo penye shida kubwa, kwasababu ikikosea mhimili, yani kile kipimo cha namba cha pembeni, haikosei kidogo. Chukua chati hii: kushoto kuna tani, 0 hadi 500, kulia kuna bei ya kilo, 2,000 hadi 4,000, nguzo ni za tani na mstari ni wa bei. Mnada wa tatu mstari umefika asilimia 60 ya kimo cha chati. Bei sahihi ni 2,000 jumlisha asilimia 60 ya 2,000, yani 3,200. Modeli ikichukulia kwamba mhimili unaanzia sifuri inapata 2,400, na ikiangalia upande wa kushoto inapata 300, ambayo ni tani. Hiyo 300 utaishtukia, lakini 2,400 inafanana kabisa na bei, na kwa mwenye kilo 1,500 hesabu inapungua kwa milioni 1 na laki 2.

Mhimili huohuo unadanganya hata kwenye kulinganisha: 2,400 na 2,800 zikichorwa kuanzia 2,000, ya pili inaonekana ndefu mara mbili.

Mi kwanza naiambia initajie kila mhimili unaanzia ngapi, unaishia ngapi, na mstari wa bei unatumia upande upi, nahakikisha kwa macho yangu ndo nauliza bei. Afu nakata picha ibaki chati peke yake, maana picha kubwa mara nyingi inapunguzwa kabla ya kusomwa na vinamba vya pembeni vinafifia, ila usikate hadi ule mhimili wenyewe, kuna skrinshoti zinakuja upande wa kulia umeliwa, na hapo bei haipo tena kwenye picha, atakayekutajia kaibuni.